Arudi Lini? Kupima Hatari ya Meno Kuoza na Kupanga Tarehe ya Marudio Katika Kliniki ya Wilaya, Pemba

Katika kliniki nyingi za meno, tarehe ya kurudi huandikwa kwa mazoea: miezi sita, kila mtu. Kijana wa Konde ambaye hajawahi kutoboka jino anapanda gari mpaka Chake Chake, anafunguliwa mdomo, anaambiwa yuko salama, anarudi kwao. Mama wa Kengeja ambaye mate yamemkauka naye anapewa miezi hiyo hiyo sita, na akirudi jino lililokuwa na doa laini shingoni limeshafika kwenye neva, halina tena la kufanyiwa ila kung'olewa. Kijana angeweza kukaa mwaka au zaidi. Mama alipaswa kuonekana baada ya miezi mitatu.

Mwongozo huu ni kwa matabibu na madaktari wa meno wanaofanya kazi bila maabara. Unahitaji kioo cha mdomo, probu yenye ncha ya mviringo, gozi, taa nzuri, sirinji ya mililita 5, kikombe kidogo, saa na kadi ya mgonjwa. Ukishazoea, kazi yote haizidi dakika 20, na tano kati ya hizo mgonjwa anatema mate peke yake huku wewe ukiandika.

Mambo ya kupima ni manne: meno yaliyokwisha kuoza, mate, sukari na floraidi. Usiyape uzito sawa, na usiyajumlishe kama alama za mtihani kisha ukagawanya kwa nne. Kila moja lina kazi yake. Meno yaliyokwisha kuoza yanakupa mahali pa kuanzia. Mate yanakuambia kinywa kina kinga kiasi gani. Sukari na floraidi ndiyo mawili yanayoweza kubadilika kati ya leo na siku ya kurudi, kwa hiyo ndiyo utakayoyafuatilia.

Anza na meno yenyewe

Katika vipimo vyote tunavyoweza kufanya kitini, hakuna kinachobashiri kuoza kwa kesho vizuri kuliko kuoza kwa jana. Lakini jana ipi? Gego lililong'olewa mgonjwa akiwa na miaka 15 halina uzito sawa na doa lililojitokeza mwaka huu. Miaka mitatu iliyopita ndiyo inayofaa kuulizwa: katika muda huo kuna jino lililotoboka, lililozibwa au lililong'olewa kwa sababu ya kuoza? Kwa watu wazima uliza sababu ya kila pengo, maana meno mengi hutoka kwa ugonjwa wa fizi. Jino lililolegea likang'olewa zima, halina shimo, lisihesabiwe hapa.

Kisha angalia yanayoendelea sasa. Safisha ukoga kwa gozi, kausha jino, halafu tazama pembeni mwa fizi. Kama kuna mrija wa hewa, sekunde tano zinatosha. Kama hakuna, kausha kwa gozi na uzuie mate kwa pamba. Doa jeupe la mwanzo halionekani kwenye jino lililoloa, na hapa ndipo wengi wanapolikosa.

Doa linaloendelea kuoza ni jeupe kama chokaa, halina mng'ao, na ukipitisha probu polepole juu yake unahisi mkwaruzo. Mara nyingi limejificha chini ya ukoga na linafuata mzingo wa fizi. Doa lililosimama linang'aa, ni laini kupita, na aghalabu limegeuka kahawia au jeusi. Kwenye mzizi uliofunuka, linaloendelea ni la manjano au kahawia hafifu na ni laini kama ngozi ukiligusa. Lililosimama ni gumu. Usichome kwa probu kali kutafuta kama "inanasa". Ncha kali hupasua gamba lililokuwa bado linaweza kupona, na wewe ndiye unakuwa umetoboa jino.

Doa jeupe lingine ni la floraidi nyingi utotoni. Wapo Wapemba waliolelewa Arusha au Kilimanjaro, kwenye maji yenye floraidi nyingi, wakarudi kisiwani wakubwa. La kwao huwa na mistari au mawingu yanayolingana kulia na kushoto, limetapakaa mbali na fizi, na limetokea kwenye meno yaliyoota kipindi kimoja. Hilo si kuoza, lisimpandishe mtu hatari.

Sasa weka mahali pa kuanzia. Asiye na jino lililooza ndani ya miaka mitatu na asiye na doa linaloendelea, anza naye kwenye miezi 12. Mwenye doa moja au mawili ya mwanzo yasiyo na shimo, au aliyezibwa jino moja katika miaka hiyo mitatu, anza kwenye 6. Mwenye mashimo wazi yanayoendelea kuoza, au mwenye zaidi ya hapo, anza kwenye 3. Hii ni hatua ya kwanza tu. Yanayofuata yataisogeza.

Mate

Mate huosha sukari, husawazisha asidi na hurudishia jino kalisi na fosfeti. Ukoga ukichachuka hadi pH ikashuka chini ya 5.5 hivi, gamba la nje huanza kupoteza madini. Mzizi huanza mapema zaidi, kati ya 6 na 7, na ndiyo sababu wazee wenye fizi zilizoshuka huoza shingoni hata kama hawali pipi kama watoto.

Kabla ya kupima, sikiliza na utazame. Muulize kama analazimika kunywa maji ili ameze mkate mkavu, na kama huamka usiku kutafuta maji. Bandika mgongo wa kioo kwenye shavu la ndani: kikiteleza ni vizuri, kikinata hadi kinavuta ngozi, andika. Angalia chini ya ulimi kama kuna kidimbwi cha mate au ni povu zito tu. Kausha mdomo wa chini upande wa ndani kwa gozi, uupindue, uhesabu sekunde mpaka vitone vidogo vya mate vitokeze. Vikichelewa zaidi ya sekunde 60, tezi ndogo zimezorota.

Ukiona dalili hizo, pima. Mgonjwa asiwe amekula, kunywa au kupiga mswaki kwa saa moja na nusu. Mkalishe wima, kichwa kimeinama kidogo mbele, asitafune wala asiongee. Ameze mara moja, kisha uanze saa. Kwa dakika tano mate yatiririke kwenye kikombe, na mwisho ateme yaliyobaki. Yavute kwa sirinji, usubiri povu lipande, usome kimiminika kilicho chini yake. Kosa la kawaida kuliko yote ni kusoma povu: mililita 2 za povu zinaweza kuwa nusu mililita ya mate. Kama duka la dawa la jirani lina mizani ndogo ya kuaminika, pima kikombe kabla na baada, kwa sababu gramu moja ya mate ni kama mililita moja.

Gawanya kwa tano. Mtu mzima mwenye afya hutoa mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika bila kutafuna. Chini ya 0.1 ni ukavu wa kweli. Kati ya hapo na 0.25 ni mate machache, yanayostahili kufuatiliwa.

Kipimo cha pili ni cha mate ya kutafuna. Mpe kipande cha nta safi ya parafini, atafune dakika tano huku akitema. Kawaida ni mililita 1 hadi 2 kwa dakika. Chini ya 0.7 ni kidogo. Maana ya kipimo hiki ni kujua kama tezi bado zinaitika. Zikiitika, kutafuna bigijii isiyo na sukari, au hata mswaki wa mti, kutamsaidia. Zisipoitika, kumwambia atafune ni kumchosha bure.

Uliza dawa, na mwambie azilete na pakiti zake. Amitriptilini kwa maumivu ya neva, klorofeniramini kwa mafua na mzio, frusemaidi na dawa nyingine za kutoa maji mwilini, zote hukausha kinywa, na zikikutana mbili au tatu ukavu huzidi. Kisukari kisichodhibitiwa nacho hukausha. Aliyerudi kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, baada ya kupigwa mionzi ya kichwa au shingo, huna haja ya kumpimia hesabu: yuko kwenye hatari ya juu kabisa, miezi 3, hata kama meno yake leo ni mazima.

Kanuni yangu kuhusu mate ni kwamba yanaweza kufupisha muda lakini hayawezi kuurefusha. Mate mazuri hayamfutii mtu mashimo aliyonayo. Mate chini ya 0.1 yanampeleka kwenye miezi 3 popote alipoanzia. Mate machache yanampunguzia daraja moja: wa 12 anakuwa wa 6, wa 6 anakuwa wa 3.

Sukari: hesabu mara, fuata sala

Ukimuuliza mtu "unakula sukari?" atakujibu hapana, na hakudanganyi. Kwake chai si sukari, ni chai. Halafu swali la kiasi nalo halikusaidii sana, kwa sababu jino linasumbuliwa zaidi na mara ngapi. Kila sukari inapoingia, ukoga huchachuka ndani ya dakika chache, na mate huchukua kati ya nusu saa na saa nzima kuurudisha pale ulipokuwa. Vijiko vitatu ndani ya kikombe kimoja kilichonywewa mara moja ni shambulio moja. Vijiko hivyo hivyo kwenye chupa ya chai inayoonjwaonjwa toka saa mbili mpaka saa sita mchana ni asubuhi nzima ya asidi.

Njia inayoleta jibu la kweli hapa kwetu ni kumrudisha mgonjwa kwenye siku ya jana kwa sala. "Baada ya alfajiri, kabla hujatoka, ulitia nini kinywani? Kutoka hapo mpaka adhuhuri? Adhuhuri mpaka alasiri? Magharibi ulifungua na nini? Baada ya isha, mpaka ulipolala?" Kila mtu anaikumbuka siku yake kwa mpangilio huo, na katikati ya sala ndimo vitu vidogo vinamojificha: ubuyu wa rangi, kashata na kahawa barazani, juisi ya miwa, embe lenye sukari na pilipili, kipande cha haluwa kwa jirani, soda ya gari, pipi ya mfukoni. Kaimati na visheti visisahaulike kwa kuwa "ni vitafunio tu". Dawa ya kikohozi ya maji nayo mara nyingi ina sukari.

Weka alama moja kwa kila tukio lililotengana na jingine kwa nusu saa au zaidi. Kilichokaa mdomoni muda mrefu, kama pipi au chai ya kuonja, kihesabu kwa kila nusu saa. Halafu zungushia duara lolote lililoliwa baada ya mswaki wa mwisho wa usiku, kwa sababu usingizini mate hupungua mno na tukio hilo moja halina wa kuliosha.

Tukio nne kwa siku au pungufu, hakuna la kusogeza. Tano mpaka sita, msogeze daraja moja chini iwapo floraidi pia ni haba. Saba na kuendelea, au kuna duara la usiku, msogeze daraja moja bila kujali lingine. Mipaka hii ni ya kazi, isikufunge macho: mwenye tukio nne ambazo zote ni pipi za kunyonya yuko pabaya kuliko mwenye sita za chai iliyonywewa upesi pamoja na chakula.

Siku moja inaweza kumsingizia mtu, hasa kama jana palikuwa na harusi. Mwenye matokeo ya kutatanisha mpe karatasi aandike siku tatu, mbili za kazi na moja ya mapumziko. Asiyeandika, mwanawe wa skuli ataandika.

Floraidi iliyo kwenye boksi

Maji tuachie Mamlaka ya Maji. Kama una majibu ya kipimo cha kisima cha shehia, yaandike kwenye daftari la kliniki, la sivyo usijenge uamuzi juu yake. Chai ya rangi ina floraidi, dagaa wanaoliwa na mifupa pia wanayo, lakini kinachogusa jino kila siku kwa nguvu inayohitajika ni dawa ya meno.

Mwambie alete boksi. Kuuliza jina la dawa hakutoshi, kwani kampuni moja huuza yenye floraidi na isiyo nayo, na picha ya karafuu au mwarobaini haikuambii lolote. Geuza upande wa viambato, utafute `Sodium Fluoride` au `Sodium Monofluorophosphate`, kisha tarakimu. Unachotaka ni kati ya `1000 ppm` na `1500 ppm`. Pengine wameandika asilimia tu: `Sodium Fluoride 0.32%` ni karibu 1450, na `Sodium Monofluorophosphate 0.76%` ni karibu 1000. Boksi lisilotaja hata kimoja, lihesabu kuwa halina. Angalia pia tarehe ya kuisha.

Halafu uliza namna anavyotumia. Mara mbili kwa siku, moja ikiwa ya mwisho kabla ya kulala, na kutema bila kusukutua kwa maji mengi, hiyo ni floraidi ya kutosha. Mara moja kwa siku, au anasukutua kwa kopo zima la maji, ni haba. Mwenye kutumia mswaki wa mti peke yake, usimkataze. Mswaki unaondoa ukoga vizuri ukishikwa na mtu anayejua kuutumia. Mwombe tu apake dawa yenye floraidi usiku, au achovye nyuzi za mswaki ndani yake. Mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya mbaazi, na mkubwa amsimamie.

Floraidi haba humsogeza mtu daraja moja chini ikiwa ana kasoro nyingine yoyote, iwe doa, mate au sukari. Peke yake, kwa mtu mzima asiye na jino bovu na anayekula vizuri, inatosha kumfundisha na kumwacha kwenye 12.

Mama wa Kengeja

Tumchukue mama wa miaka 54, ana banda la chai na maandazi, ana kisukari na shinikizo la damu. Amekuja kwa sababu jino la chini linamkata kwa maji ya baridi.

Meno: magego mawili yaling'olewa ujanani. Mwaka juzi na mwaka jana alizibwa jino moja moja. Fizi zimeshuka, na ukikausha shingoni mwa chonge ya chini na jino linaloifuata unakuta mabaka mawili ya kahawia hafifu, laini chini ya probu. Anaanzia kwenye 3.

Mate: kioo kinanata. Anasema kila usiku anaweka gilasi ya maji kando ya kitanda. Vitone vya mdomo wa chini vinachukua zaidi ya dakika. Kwa dakika tano anatoa mililita 0.4, yaani 0.08 kwa dakika. Akitafuna anatoa 4.5, yaani 0.9. Tezi zake hazijafa; zimezuiliwa. Pakiti zake zinaeleza: amitriptilini usiku kwa miguu inayowaka, na dawa ya kutoa maji kwa ajili ya presha.

Sukari: "Mimi, mwanangu, sukari niliiacha tangu nilipoambiwa nna kisukari." Ukifuata sala, alfajiri ni chai na vitumbua viwili. Kisha mpaka adhuhuri ananyonya pipi za mnanaa, nne, kwa sababu kinywa kinakauka akiwa bandani. Alasiri pipi mbili tena. Magharibi tende tatu, na baada ya isha kipande cha boflo na chai yenye kijiko kimoja. Ni tukio tisa, na sita kati yake ni pipi zilizokusudiwa kutibu ukavu.

Kabla ya kumwambia aziache, muulize jambo moja: anazila pia anapohisi kutetemeka na jasho la baridi? Mwenye kisukari anayetumia dawa anaweza kuwa anajiokoa na sukari kushuka. Hizo zisiguswe, ila amweleze daktari wake. Mama huyu anajibu hapana, ni kinywa tu.

Floraidi: mswaki wa mti asubuhi, na boksi lenye picha ya karafuu lisilotaja floraidi.

Jumla yake haina mashaka. Kila kipimo kinamshusha, na yuko 3 tayari. Lakini vipimo havikufanywa kwa ajili ya tarehe peke yake, maana vimekuonyesha mlolongo: dawa imekausha mate, ukavu umeleta pipi, pipi zimeyeyusha shingo za meno. Ukimziba mabaka mawili na kumpa miezi mitatu bila kukata mlolongo huo, utayaziba mengine mawili.

Leo mabaka yanasafishwa na kuzibwa kwa glasi ayonoma. Mahali ambapo haipo, dawa ya fedha na floraidi ya asilimia 38 italisimamisha doa, ila mwambie mapema kuwa patageuka peusi. Meno yote yanapakwa vanishi ya floraidi, ile ya 22,600 kwa milioni. Anaandikiwa dawa ya meno ya 1450 mara mbili kwa siku, na ikipatikana ya 5000 ndiyo bora kwake. Pipi zinabadilishwa kwa maji ya kunywa kidogo kidogo na bigijii isiyo na sukari, kwa kuwa umeshaona akitafuna mate yanatoka. Tende hazikatazwi. Azile pamoja na chakula cha magharibi, katika kikao kimoja, ndani ya kiasi alichowekewa kwa kisukari chake. Na unaandika barua fupi kwa daktari anayemtibu: mate 0.08 kwa dakika, meno yanaoza mizizini, je, amitriptilini inaweza kupunguzwa au kubadilishwa? Umsisitizie mama asiiache mwenyewe.

Akirudi baada ya miezi mitatu, usianze na "hujambo, meno vipi" ukaishia hapo. Rudia vipimo vile vile, saa ile ile ya siku, kwa sababu mate hubadilika kati ya asubuhi na mchana. Tuseme dozi imepunguzwa, na anatoa 0.7 kwa dakika tano, yaani 0.14. Tukio za sukari zimeshuka hadi nne. Kando ya viziba pamekuwa pagumu, hakuna doa jipya. Hayo ni maendeleo, lakini mpe 3 tena. Doa huchukua muda kujitokeza, na ziara moja nzuri inaweza kuwa bahati. Akipita ziara mbili mfululizo bila doa jipya, msogeze kwenye 6, na asivuke hapo maadamu anaendelea na dawa inayokausha. Vanishi aendelee kupakwa kila anaporudi.

Mtoto, kwa ufupi

Mvulana wa miaka 9 kutoka Kisiwa Panza ana mashimo mawili kwenye magego ya utoto, meusi, magumu, yanang'aa. Magego ya ukubwani ni mazima. Mate tele. Sukari tukio sita, ubuyu na soda. Dawa ya meno haina floraidi. Mashimo yamesimama, lakini yanasema kinywa hiki kimewahi kuoza hivi karibuni, kwa hiyo anaanzia 6, na sukari pamoja na floraidi haba vinamshusha hadi 3. Hapa tumia busara. Kama mzazi analeta boksi jipya la floraidi ndani ya wiki moja na unaweza kumpaka vanishi leo na kuziba mifereji ya magego mapya, 6 inatosha. Kama hakuna mtu wa kumsimamia usiku, shikilia 3. Mtoto yeyote asipewe zaidi ya miezi 12 hata akiwa salama kabisa, na karibu na miaka 6 na 12, magego mapya yanapochomoza, fupisha kidogo, maana jino linaloota ni gumu kupigwa mswaki.

Mtu mzima ambaye kwa ziara kadhaa hana hatari yoyote anaweza kufikishwa miezi 18, hata 24. Zaidi ya hapo usiende.

Ramadhani, bahari na mambo yanayoharibu hesabu

Usipime mate ya aliyefunga. Mwili uliokosa maji tangu alfajiri utakupa ukavu usiokuwepo. Historia ya sukari iliyochukuliwa ndani ya Ramadhani nayo haielezi mwaka, ingawa inafaa kuulizwa peke yake: kuanzia magharibi hadi daku watu wengi hula vitu vitamu mfululizo, kisha hulala bila mswaki. Panga naye nyakati mbili, baada ya tarawehe akishamaliza kula, na baada ya daku kabla ya imsaki. Hapo hata anayefuata rai ya Kishafi ya kutopiga mswaki baada ya adhuhuri hana tatizo.

Tarehe utakayoandika iwe inayowezekana. Msimu wa kuchuma karafuu hukumba familia nzima. Wakati wa kusi kali, wa visiwa vidogo hawavuki ovyo. Ukihesabu miezi mitatu ukaangukia hapo, vuta nyuma wiki mbili, usisukume mbele. Kwa mwenye hatari ya juu wiki za nyongeza ni za kuoza. Watoto wapangie wakati wa likizo. Tumia jina la mwezi analolihesabu nyumbani: bibi wa Wambaa atakumbuka "Mfunguo Tano" kuliko namba uliyoiandika.

Dalili kwamba ulimpima vibaya ni hizi: doa jipya kwa mtu uliyempa 12, au mtu wa 3 anayekuja ziara baada ya ziara bila badiliko lolote. Wa kwanza, rudi kwenye dawa na mate, kwani aghalabu kuna kidonge kipya kilichoanzishwa katikati. Wa pili, muulize nani ndani ya nyumba ananunua dawa ya meno na sukari, uongee na huyo. Na kumbuka kuwa macho hayaoni kati ya magego yanayogusana. Penye eksirei, mwenye hatari ya juu apigwe picha ya pembeni ndani ya miezi 6 hadi 18, na wa hatari ndogo anaweza kusubiri miaka miwili au mitatu. Pasipo na eksirei, kuwa mgumu kurefusha muda wa mtu mwenye magego yaliyobanana na sukari nyingi, hata kama yote unayoyaona ni mazima.

Kwenye kadi andika mstari mmoja ambao mwenzako ataweza kuusoma usipokuwepo. Wa mama wa Kengeja, siku ya kwanza, unakuwa hivi:

```
Meno: mabaka 2 laini (mizizi), viziba 2/miaka 3 -> 3
Mate: 0.08 / 0.9 (asubuhi; amitriptilini)
Sukari: 9 (pipi 6), usiku hakuna
Floraidi: haba
Marudio: miezi 3. Angalia: pipi, boksi, jibu la daktari
```